Maduara Mawili

Msikilizaji, leo nakupeleka machimboni, ila dhahabu tutaipita tu njiani.

Ukifika kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, mkoani Geita, au ukishuka upande wa Kakola na Kahama, mkoani Shinyanga, kuna neno utakalolisikia kabla hujamaliza kusalimia: duara. Duara ni shimo la kuchimbia. Lina mwenye nalo, lina msimamizi wake, lina wanaoshuka na wanaovuta juu. Kila anayekanyaga pale anajua kiroba cha kwanza cha mawe ni cha nani, cha pili ni cha nani, na yeye atabakiwa na nini.

Sisi watu wa utafiti nasi tuna duara letu. Tunatandika mikeka, tunawaketisha vijana wanane mviringo, tunaweka kinasa sauti katikati, tunauliza maswali, kisha tunayaita hayo majadiliano ya kikundi. Na kwa miaka mingi tumekuwa tukijidanganya kwamba kijana akishakaa kwenye mkeka wetu, lile duara lingine ameliacha nje pamoja na ndala zake. Haliachi. Anaingia nalo, na analiketisha mbele yetu bila sisi kuliona.

Nitakusimulia kikundi kimoja, maana hicho ndicho kilichonifundisha. Jina la kijiji nitalihifadhi, na vijana nitawataja kwa namba, kama tulivyowataja siku ile.

Tulikuwa tunataka kujua wavulana wa miaka 15 hadi 17 walioacha shule wanafanya kazi gani machimboni, wanaumia vipi, na zebaki wanaishika namna gani. Tulijiandaa kama vitabu vinavyotaka. Kibali cha maadili tulikuwa nacho, barua ya halmashauri tulikuwa nayo, ridhaa ya mzazi au mlezi tulichukua, na ridhaa ya kijana mwenyewe pia. Mwongoza mjadala alikuwa kijana wa kiume mwenye miaka 26, mzaliwa wa Katoro, Kisukuma kinamtoka kama maji. Mimi nilikaa pembeni kuandika, kwa sababu mwanamke wa umri wangu akiongoza kikundi cha wavulana wale, watamwita mama au madamu, na wakishamwita hivyo wataanza kumpa majibu ya mama au ya madamu. Tulijiona tumekamilika.

Kosa tulikuwa tumeshalifanya siku mbili kabla. Tulimwomba mwenyekiti wa kitongoji atutafutie vijana. Mwenyekiti ni mtu mwenye shughuli zake. Akamwambia msimamizi mmoja wa duara, na msimamizi akaleta vijana waliokuwa karibu, yaani vijana wake, watu wa duara lake. Na katikati yao akamweka mdogo wake wa kuzaliwa. Karatasi yetu ya usajili iliuliza umri, shule na kijiji. Haikuuliza unachimba kwa nani.

Mwandishi wa kikundi huwa ana kazi zaidi ya kuandika maneno, maana maneno yananaswa na mashine. Mimi huchora mviringo kwenye karatasi, naweka namba za washiriki kama walivyokaa, na kila mmoja anapofungua mdomo nachora kijiti kimoja kwenye namba yake. Mtu akitupa jicho kwa mwenzake kabla ya kujibu, nachora mshale. Baada ya dakika 35 karatasi yangu ilikuwa hivi: namba tatu vijiti 24. Namba moja na mbili, vijiti kama kumi kila mmoja. Namba tano, viwili. Namba nane, hakuna kitu, ukiondoa lile zoezi la mwanzo la kila mtu kusema anapenda chakula gani. Na mishale karibu yote ilikuwa inaelekea kwa namba tatu.

Namba tatu hakuwa mkubwa kwa umri wala kwa mwili. Alikuwa na miaka 16, mwembamba, sauti ya chini. Ila ndiye pekee aliyevaa buti. Alipoulizwa kama kuna wa umri wao wanaoshuka duarani, alisema, "Hapa hakuna mtoto anayeshuka." Namba moja akasema, hapa hakuna mtoto anayeshuka. Namba sita akasema, hapa hakuna mtoto anayeshuka. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kana kwamba wanaitikia kiitikio cha ngoma.

Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayoitafuta siku hizi. Watu wawili wakikubaliana kwa dhati, kila mmoja husema kwa maneno yake. Wakisema kwa sentensi moja, sentensi hiyo ina mwenyewe. Dalili ya pili ni kicheko: tazama nani anaanza kucheka, kisha tazama nani anasubiri aanze. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kukosekana kwa visa. Kijana anayeeleza maisha yake hawezi kukaa dakika kumi bila kusema "kuna siku moja." Katika nusu saa nzima hatukupata "kuna siku moja" hata moja. Tulipata kanuni tu: inatakiwa, hairuhusiwi, hapa hakuna.

Mwongoza mjadala wetu aliona ukimya wa namba nane, akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alimgeukia akamwambia, namba nane, hebu na wewe tuambie. Kijana akamtazama namba tatu, akasema, "Ni kama alivyosema mwenzangu." Wote wakacheka. Kumbuka, msikilizaji, kumnyooshea kidole mtu aliyenyamaza mbele ya anayemwogopa ni kumlazimisha atangaze utii wake hadharani. Baada ya hapo ni vigumu mno kwake kusema kinyume, kwa sababu sasa atakuwa anajipinga mwenyewe.

Tukatoa mapumziko mapema. Soda na biskuti. Uani nikamwonyesha mwenzangu karatasi. Tukajiuliza: tumtoe namba tatu kwa ujanja, tumpe kazi ya kwenda kununua maji? Ukifanya hivyo, wale saba utakuwa umewaponza. Jioni wataulizwa, nilipotoka mlisema nini? Na hakuna jibu watakalotoa likaaminika. Tukaamua abaki.

Tulifanya mambo matatu. La kwanza ni la viti, na ni dogo hata linachekesha. Tulichanganya namba wakati wa kurudi, namba tatu akaangukia ubavuni mwa mwongozaji, bega kwa bega, na namba nane akaangukia mbele yake. Mtu aliye ubavuni mwako humtazami usoni, na asiyetazamwa usoni polepole maneno humpungua. Aliye mbele yako unamtazama bila kumwita, na wakati mwingine jicho la upole linatosha kumfungua.

La pili, tuliacha kuuliza habari za "hapa." Tukaleta kijana wa kutunga. Tulimwita Masanja, tukampa miaka 15, tukamweka kwenye kijiji cha mbali ambacho hakuna aliyekifahamu. Masanja ameacha shule darasa la sita, kaka wa jirani amemchukua machimboni. Je, siku ya kwanza atapewa kazi gani? Baada ya mwezi? Akiumia, nani atamjua?

La tatu lilikuwa maharage. Tulikuwa na makopo matatu matupu ya maziwa. Tukayafunika kwa kitambaa chenye tundu, tukayapanga nyuma ya ukuta, tukabandika alama: wengi, wachache, hakuna. Swali lilikuwa moja: wa umri wenu wanaoshuka duarani ni wengi, wachache, au hakuna? Kila mmoja akapewa harage moja, akaenda peke yake nyuma ya ukuta, akarudi. Kisha makopo yakamwagwa mbele ya wote, maharage yakahesabiwa na kurudishwa makoponi. Wengi: matano. Wachache: mawili. Hakuna: moja.

Hapo ukimya ulikuwa wa aina nyingine. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwaketisha watu mbele ya mistari mitatu, akawauliza upi unalingana na mstari wa mfano. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kusema uongo, na katika karibu theluthi ya majibu yule mmoja asiyejua aliufuata uongo wao. Lakini Asch alipomwekea mwenzake mmoja tu aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu anatosha. Maharage yalimwonyesha namba nane kwamba ana wenzake zaidi ya mmoja, na hakuna aliyejua ni nani.

Mwongozaji hakuuliza nani ameweka wapi. Aliuliza, "Maharage yameanguka hivi kwa nini?" Ndipo namba tano akasema, kuna siku moja.

Visa vikaja. Nilichojifunza hasa kilihusu mgao, jambo ambalo hatukuwa hata na swali lake. Vijana wengi pale hawalipwi fedha. Wanalipwa mawe. Kijana anashuka au anabeba, na mwisho wa zamu anapewa fungu la mawe kwenye kiroba, ayapeleke karashani yasagwe, kisha mwaloni yaoshwe, na dhahabu ikamatwe kwa zebaki. Mawe yanaweza kuwa na kitu, yanaweza kuwa matupu. Anayechagua mawe yapi yaingie kwenye kiroba cha nani ni msimamizi. Kwa hiyo kila neno kijana analolisema mbele ya mdogo wa msimamizi lina uzito wa kiroba cha kesho. Ukilijua hilo, "ni kama alivyosema mwenzangu" halikushangazi tena. Namba nane hakuwa mwenye haya. Alikuwa analinda mgao wake.

Na namba tatu, yule mdogo wa msimamizi, naye alikuwa na lake la kulinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ndefu kuhusu watoto na zebaki katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Kwa watu wa machimboni, mgeni mwenye daftari anayeuliza habari za watoto anafanana sana na mkaguzi. "Hapa hakuna" ni neno analopewa mgeni wa aina hiyo, linamlinda kaka mtu, na mdogo wake alikuwa amekabidhiwa alitunze. Karibu na mwisho alituomba tuzime kinasa sauti. Tulikizima. Alisema jambo linalomhusu yeye na kaka yake, na kwa kuwa lilisemwa mashine ikiwa imezimwa, halikuandikwa na sitalisema.

Kabla ya kuagana tulifanya kitu ambacho sasa sikiachi kamwe: tulikubaliana wote jibu la kutoa nje. Mkiulizwa mlizungumza nini, mtasemaje? Wao wenyewe wakalitunga: tulizungumza habari za kazi na afya, na hadithi ya mtu anaitwa Masanja. Ni kweli tupu, na haimtaji yeyote. Watafiti wengi hufunga kikao kwa kusema "yaliyosemwa hapa yabaki hapa." Hiyo ni ahadi ambayo huna uwezo nayo. Wewe unaweza kufunga mdomo wako na kuficha kanda yako, lakini midomo minane mingine inarudi nyumbani kijiji kilekile. Ni heri kuwaambia mapema: mimi sitasema, lakini wenzako siwezi kuwajibia, kwa hiyo hapa usiseme jambo lako la siri, sema ya watu wa umri wako.

Baada ya siku ile tulibadilisha usajili. Miongozo mingi itakuambia utenganishe vijana kwa jinsia na kwa umri, wa miaka 10 hadi 14 kando, 15 hadi 19 kando. Ni sawa, na wale wadogo uwachukue watano au sita, wasizidi saa moja, maana baada ya hapo wanacheza na uzi wa mkeka. Lakini ukanda wa dhahabu una mpaka mwingine ambao umri hauuonyeshi. Kijana wa miaka 14 mwenye ndugu mwenye karasha ni mkubwa kuliko wa miaka 18 anayebeba maji ya kuoshea. Kwa hiyo karatasi yetu ikapata maswali mawili mapya: kazi yako unaifanya kwa nani, na mawe yako yanasagwa kwa nani. Kisha tukahakikisha hakuna kikundi chenye mlipaji na mlipwaji, wala ndugu wa mlipaji. Wanaoshuka tuliwaweka peke yao, wanaoponda na kuosha peke yao, na kila aina tukaifanyia vikundi viwili angalau, maana kikundi kimoja kinaweza kuharibiwa na mtu mmoja, nawe ukadhani umeijua jamii nzima.

Hata nauli ina mambo yake. Mara moja tulimkabidhi kijana mmoja fedha za nauli awagawie wenzake, tukidhani tunaokoa muda. Bila kukusudia tulikuwa tumemfanya msimamizi, na mgao ukafanyika mbele ya macho yetu. Sasa kila mmoja anapokea mkononi mwake, kiasi kilekile, kilichotangazwa kabla hajaja. Na kiasi hicho kisifikie ujira wa siku nzima, la sivyo wenye maduara ndio watakaochagua nani aje.

Nitoke machimboni kidogo, niende kwa wasichana, upande wa Shinyanga ya mashamba na ng'ombe. Hapa nguvu zinakaa mahali pengine.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulikuwa mpana kuliko wa leo, karibu 6 kati ya kila wanawake 10 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Na mwishoni mwa 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaweza kurudi darasani. Matokeo yake ni kwamba ukiita "wasichana wa miaka 15 hadi 17," mkeka mmoja unaweza kuwapata mwanafunzi wa kidato cha pili, mama wa mtoto mmoja aliyerudi shule, na mke wa mtu. Umri mmoja, dunia tatu.

Wengi hudhani mwanafunzi ndiye atakayetawala, kwa sababu ya Kiswahili chake. Inatokea, iwapo mjadala umeanza kwa Kiswahili. Utasikia majibu ya klabu ya shuleni: msichana anatakiwa asome kwa bidii, aepuke vishawishi. Lakini jaribu kufungua kwa Kisukuma, anza na "mwangaluka" na uendelee hivyohivyo, uone kikundi kinavyopinduka. Yule aliyeolewa, ambaye alikuwa ameinamia mtoto wake, sasa ndiye mkubwa. Anaitwa mama fulani. Wanafunzi wanashusha macho, kwa sababu kwa desturi mwenye mtoto ana kauli kuliko asiye naye. Hakuna lugha isiyo na upande. Kwa hiyo tunawatenganisha walioolewa na wasioolewa, na lugha tunawaachia wachague wenyewe mwanzoni, kisha tunaandika walichagua ipi na nani aliyependekeza.

Kuna swali jingine la usajili ambalo nililikuta kwa kuumia: nani ni wifi wa nani? Niliwahi kuongoza kikundi cha wake wadogo sita, na msichana mmoja alianza kueleza vizuri jinsi maamuzi ya fedha yanavyofanyika nyumbani, halafu akakatika katikati ya sentensi. Hakumtazama mtu. Aligusa tu kanga yake. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba aliyekaa mkono wake wa kushoto ni dada wa mumewe. Sikuwa nimeuliza. Alirudi nyumbani na mtu aliyesikia sentensi ile nusu, na hadi leo sijui nusu ile ilimgharimu nini.

Nitaje na jambo moja la Kisukuma ambalo kila anayefanya kazi hii ukanda ule analifahamu: chagulaga. Kwa desturi hiyo wavulana humfuata au humzingira msichana, njiani au baada ya ngoma, wakimtaka achague mmoja wao, na hawamwachi hadi ataje. Sasa fikiria, msikilizaji, sisi tunavyofanya. Tunamketisha msichana huyo katikati ya watu, tunamzungukia na swali lilelile, "wewe je? na wewe je?", hadi ajibu. Amejifunza zamani namna ya kutoka kwenye mduara wa aina hiyo: taja jina lolote watakaloridhika nalo, upite. Kwa hiyo mimi siulizi kwa kuzunguka tena. Swali nalitupa katikati ya mkeka, kisha nanyamaza. Nahesabu moyoni hadi saba. Mara nyingi anayesema kwenye saba siye ambaye angesema kwenye mbili.

Na wakati mwingine anayesema anasema zaidi ya ulivyotaka. Msichana anaanza na "kuna mwalimu mmoja," sauti inabadilika, na unaona hadithi inageuka kuwa yake. Usimwache amalize mbele ya wenzake, hata kama hiyo ndiyo "data" uliyoifuata kilometa mia mbili. Nasema taratibu, hilo ni zito, mimi na wewe tutaliongea tukimaliza, kisha nawaambia wote tusimame tunyooshe miguu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hivyo kabla ya kikundi chochote nakuwa na namba ya afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo, na nimeshazungumza naye. Namba 116 ya huduma kwa mtoto naitaja kwa kikundi kizima mwishoni, ili anayeihitaji asijulikane kwa kuiandika peke yake.

Mtu ataniuliza, kwa taabu zote hizo, kikundi kinafaa nini? Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mkoani Mwanza mradi wa MEMA kwa Vijana, na Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza, nayo ilikuwemo. Watafiti wake walilinganisha njia mbalimbali za kuwauliza vijana habari za kujamiiana, wakazipima dhidi ya vipimo vya maabara. Kwa wasichana ambao vipimo vilionyesha wameshaanza, waliokiri bila kubadilika kwenye dodoso hawakufika hata nusu. Na hapo ni kijana na mwulizaji, hakuna wifi wala mdogo wa msimamizi. Sasa mbele ya wenzake saba utapata nini? Kwa hiyo usikiulize kikundi "wangapi wamefanya." Kikundi hakijui kuhesabu. Kinachojua ni kukuonyesha nini kinasemeka, mbele ya nani, na nini kinatokea uso kwa uso mtu anapokisema kisichosemeka. Hilo dodoso haliwezi, na mahojiano ya wawili hayawezi.

Mwenyewe aliyeanzisha njia hii aliliona. Novemba 1941, mjini New York, mwanasosholojia Robert Merton alialikwa chakula cha jioni na mwenzake Paul Lazarsfeld, akaishia kupelekwa studio. Watu walikuwa wanasikiliza kipindi cha redio, wanabonyeza kitufe chekundu pale kinapowaudhi na cha kijani kinapowapendeza. Merton akaanza kuwauliza kikundi kizima: pale mlipobonyeza chekundu, mlisikia nini? Hapo ndipo majadiliano ya kikundi yalipoota mizizi, kwenye redio, kwa hiyo jioni ya leo ni kama mtoto amerudi kwa mama yake. Miaka zaidi ya 40 baadaye, mwaka 1987, Merton aliandika akilalamika kwamba watu wanayachukulia mazungumzo hayo kama jibu, wakati yeye aliyakusudia yawe chanzo cha mawazo ya kwenda kupimwa kwa njia nyingine.

Nimeikumbuka karatasi yangu ya vijiti. Baada ya mapumziko namba nane alipata vijiti 11, namba tatu 10. Katika ripoti tuliandika namba zote, za kabla na za baada, na tuliandika kwamba kikundi kile kiliitwa na msimamizi. Kuna aliyetushauri tuifute nusu saa ya kwanza kwa kuwa "haina kitu." Tulikataa. "Hapa hakuna mtoto anayeshuka," mara tatu, kwa sauti tatu, ndiyo sehemu ya kanda hiyo ninayoirudia zaidi.

Tulipokuwa tunafunga mikoba, namba nane alirudi peke yake. Alitaka kopo moja, la kuteka maji mwaloni. Nikampa achague. Akayatikisa yote matatu sikioni, akachukua lile la "hakuna," lenye harage moja ndani.